Kuki zangu zinalala laini, zinaamka kavu kama kaukau. Nilaumu sukari, yai, dakika au friji?

#1 KukiZaUmoja
Habarini wadau. Naoka nyumbani hapa Umoja, nauzia majirani na ofisi mbili za mjini. Wateja wangu wanataka kuki nene, ya kutafuna, ambayo ukiikunja inapinda kwanza ndipo ikatike. Zikitoka kwenye oveni ziko karibu hivyo, ingawa zinatandaa mpaka zinashikana kwenye trei. Kesho yake asubuhi ukiuma moja inalia ka! na chembe zinamwagika kwenye shati la mteja.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano gramu 280, siagi 170, sukari ya kahawia 200, sukari nyeupe 100, yai moja zima na kiini kimoja cha ziada, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, chokoleti ya vipande gramu 200. Nakata vidonge vya gramu 50, napata 20. Oveni ni ya gesi, naiweka 180, dakika 12.

Nikipunguza dakika, katikati panabaki pabichi na kingo bado zinakauka. Dada yangu anasema ni yai, jirani anasema ni friji. Nani mkweli?

#2 PishiLaKariuki
Friji. Kinyunga kilale kwenye baridi saa 24, kesi imefungwa. Mimi siku hizi sioki kitu ambacho hakijalala.

#3 BabaTwins
Dada hizo kuki ziko kila mahali siku hizi, hata gazeti haliwezi kufunguka bila kuulizwa. Nenda kwenye mipangilio ya simu, futa historia yote, zitaisha.

#4 ShemejiWaRongai
@BabaTwins soma swali mzee 😂😂 Hapa tunaongea za kula. Ukifuta hizi, ni kwa mdomo.

#5 MwokajiWaZamani
Kabla ya friji naomba nimuulize mwenye uzi jambo moja. Hiyo sukari ya kahawia ni ipi? Chota kwenye kiganja, ufumbate ngumi, kisha ufungue. Imeshikana kama mchanga wa kufyatulia matofali, au imemwagika yote?

#6 KukiZaUmoja
@MwokajiWaZamani imemwagika yote. Ni ile ya kawaida ya kilo, ya duka la chini, tunayotia kwenye chai. Si ndiyo ya kahawia?

#7 MwokajiWaZamani
Ni ya kahawia kwa macho tu. Nilikaa miaka kumi na moja kwenye jiko la hoteli, zamu ya usiku, na hili ndilo kosa nililoliona kwa kila kijana aliyekuja na karatasi ya mapishi ya ng'ambo.

Mapishi ya Wamarekani yanaposema sukari ya kahawia, yanamaanisha sukari laini, chembe ndogo, iliyopakwa molasi mpaka ina unyevunyevu. Ukiifumbata inashika umbo la ngumi. Sukari yetu ya kilo ni chembe kubwa, kavu, zenye utando mwembamba wa rangi juu yake. Ndani ni sukari nyeupe ile ile. Kwa hiyo wewe hujaweka gramu 200 za kahawia na 100 za nyeupe. Kwa kazi ya kuoka, umeweka karibu 300 za nyeupe.

Na sukari nyeupe ndiyo baba wa biskuti kavu. Kwenye joto inayeyuka na kutiririka, ndiyo maana zinatandaa mpaka zinashikana. Zikipoa, ile sukari inarudi kuwa chembe ngumu na kuishika kuki yote kama saruji. Hilo halitokei mara moja, linachukua saa kadhaa. Ndiyo maana zinalala laini, zinaamka kavu.

Halafu chembe kubwa haziyeyuki zote kwenye siagi. Wateja wako hawajawahi kulalamika kwamba wanatafuna mchanga?

#8 KukiZaUmoja
Wamelalamika. Nilidhani ni chumvi 🙈

#9 MkemiaMtoro
@MwokajiWaZamani umesema vizuri, ila niongeze jambo moja, watu wasidhani molasi inalainisha kwa sababu ni majimaji tu. Ukitia kijiko cha maji hupati matokeo hayo. Molasi ina glukosi na fruktosi, sukari mbili ambazo zinapenda sana maji na haziyaachii kirahisi, hasa fruktosi. Zikichanganyika na sukari ya kawaida zinaizuia isijipange upya kuwa chembe. Ndiyo maana hata asali inalainisha kuki.

Pia molasi ina uchachu. Ukiweka bekingi soda bila kitu chenye uchachu, haipati mwenzake wa kutoa naye hewa vizuri, kuki inabaki bapa. Nadhani hilo nalo linamhusu mwenye uzi.

#10 PishiLaKariuki
Sawa maprofesa, lakini mimi natumia sukari hiyo hiyo ya chai na kuki zangu ni nene. Tofauti yangu na yake ni friji tu.

#11 MwokajiWaZamani
Nene sawa. Je, siku ya tatu zinapinda?

#12 PishiLaKariuki
Siku ya tatu? Nina watoto wanne. Hazijawahi kufika siku ya pili.

#13 KilimaNgong
Wote mnasahau tunakaa wapi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maji yanatoroka kwenye kuki mapema kuliko kule mapishi yalikoandikwa. Dakika 12 za huko ni dakika 10 za hapa. Ongezeni unga kidogo, punguzeni sukari, basi.

#14 BiMwanaNyali
Hodi jamani. Mimi ni wa Nyali, ila nimeolewa huku South C mwaka wa tisa sasa. Huyu wa Kilima hakukosa sana. Biskuti za Idi nilizokuwa nikioka kwetu na ninazooka huku ni mkono mmoja, samli moja, na haziwi sawa. Ila kwetu shida ni kinyume: waoka biskuti kavu asubuhi, ukiacha sahani wazi, alasiri zimelegea kama mkate. Hewa ya pwani ina maji. Huku Nairobi hewa kavu yazikausha hata zilizokuwa laini. Mwenye uzi, wazihifadhi kwenye nini usiku?

#15 KukiZaUmoja
@BiMwanaNyali kwenye trei, nimefunika na kitambaa, mpaka asubuhi ndipo nafunga kwenye karatasi.

#16 BiMwanaNyali
Ehe! Mwanangu, kitambaa ni cha mandazi. Zikishapoa tu zitie kwenye mkebe wenye kifuniko. Mama yangu alikuwa akitia na kipande cha mkate ndani: mkate unakuwa mkavu, biskuti zinabaki laini.

#17 MwokajiWaZamani
Bi Mwana ana haki hapo, sikuwaza kuuliza. Ila mkebe hauwezi kuitengeneza kuki ya sukari nyeupe. Utaichelewesha tu.

Kuhusu mwinuko, @KilimaNgong, ni kweli upo, na kwa keki ni tatizo kubwa. Kwa kuki ni mdogo. Nimeoka mapishi haya haya Nairobi miaka yote na zilikuwa zinapinda, mradi sukari ni sahihi.

#18 KilimaNgong
Mdogo si sifuri.

#19 NyasiKavu
Kama shida ni molasi, si anunue tu? Kwenye duka la dawa za mifugo hapa Githunguri wanauza kwa mtungi, bei ya chini.

#20 ShemejiWaRongai
Wateja wataanza kutoa maziwa 😂

#21 MwokajiWaZamani
Hapana, hapana. Hiyo ni ya ng'ombe. Haikuchujwa wala kuwekwa kwenye vyombo vya chakula cha watu. Molasi ya kuokea ipo kwenye maduka ya vifaa vya keki, na ni kijiko kimoja kikubwa tu kwa gramu 200 za sukari nyeupe. Isugue kwa vidole mpaka rangi iwe moja.

Kama hutaki kutafuta molasi, tumia sukari nguru. Hiyo inatoka kwa viwanda vidogo vya miwa magharibi, haijatenganishwa na molasi yake, kwa hiyo ile kazi aliyoieleza Mkemia inaifanya yenyewe. Ikwangue kwa kikwangulio upande wa matundu madogo, kisha uichekeche, maana mara nyingine ina nyuzi za miwa na hata vijiwe. Usiweke nguru tupu, ladha itafunika chokoleti. Badala ya zile 200, weka nguru 120 na sukari ya kawaida 80 uliyoisaga kidogo. Ile nyeupe 100 iache ilivyo.

Onyo moja: nguru inafanya kinyunga kiwe cheusi tangu mwanzo. Usingoje rangi ikuambie kuki imeiva, itakudanganya. Angalia kingo: ziwe zimeshika ukizigusa, na katikati paonekane kama pamebaki pabichi kidogo. Toa, acha dakika tano juu ya trei ya moto. Trei inamalizia kazi.

#22 SiriYaYai
Na mimi nitetee dada yake, maana yai limesahaulika kabisa. Yai zima linakausha. Toa yai zima, weka viini vitatu, utaniambia.

#23 MkemiaMtoro
@SiriYaYai nusu nakubali. Ute ni maji karibu yote pamoja na protini, na ile protini ikiiva inashika na kukauka. Kiini kina mafuta mengi, kinaleta ule utamu mzito wa kutafuna. Lakini ukitoa ute wote unaondoa pia maji, na bila maji ya kutosha sukari haiyeyuki vizuri. Viini vitatu watu wanavipenda, mimi viliniletea kuki yenye mafuta mafuta inayomomonyoka. Zima moja na kiini kimoja, kama alivyoweka mwenye uzi, sioni kosa.

#24 MamaWaKienyeji
Mayai gani lakini? Mimi natumia ya kienyeji na kuki zangu ni tamu kuliko za watu wa gredi.

#25 MwokajiWaZamani
Tamu sijui, lakini kwa kuoka tatizo la kienyeji ni ukubwa. Moja lina gramu 38 bila ganda, jingine 50. Yai la gredi la kawaida bila ganda ni kama 50, kiini chake 18 hivi. Lipige, ulipime kwa mizani, basi halijalishi kuku alikula nini.

Na tutofautishe laini mbili. Kuna laini ya kutafuna na kuna laini ya keki. Ukizidisha yai zima na unga, kuki inavimba na kuwa kama keki ndogo. Ni laini kweli, lakini siyo anayoitaka huyu dada.

#26 MtotoWaMathare
Naomba niulize nikiwa na aibu. Nilikosa bekingi soda nikatumia magadi ya githeri, si yote ni soda? Zilitoka rangi nzuri sana lakini zilikuwa na ladha ya sabuni.

#27 MkemiaMtoro
Rangi ilikuwa nzuri kwa sababu ile ile iliyoleta sabuni 😂 Magadi ni makali kuliko bekingi soda. Ukali huo unafanya kuki zikolee rangi haraka, lakini ulimi haudanganyiki. Yaache yalainishe githeri.

#28 KukiZaUmoja
Wadau, nimerudi na majibu. Jumamosi niliamua kuacha kubishana nikapima.

Nilitengeneza vinyunga viwili, kila kimoja nusu ya vipimo vyangu. Cha A: sukari yangu ya zamani, ya kahawia 100 na nyeupe 50. Cha B: nguru 60, ya kahawia iliyosagwa 40, nyeupe 50. Vingine vyote sawa: unga 140, siagi 85, chokoleti 100. Yai nililipiga pamoja na kile kiini cha ziada, nikagawanya gramu 34 kila upande. Nikapata vidonge 10 kwa kila kinyunga. Vitano vya kila kimoja nilivioka palepale, vitano vililala kwenye friji mpaka Jumapili. Zote dakika 11.

Nilivyopima upana kwa rula:
A bila friji, sentimita 10 na nusu. A ya friji, 9.
B bila friji, 9 na nusu. B ya friji, 8, nene, imepasuka juu kama zile za picha.

Zote nilizifungia kwenye mkebe, kila kundi peke yake, nikangoja kila moja itimize siku moja na nusu. A bila friji ni kaukau. A ya friji ni nene, nzuri kwa macho, lakini ukiikunja inakatika ka! B zote mbili zilipinda. B ya friji ndiyo iliyopinda zaidi, na ladha yake ilikuwa nzito, mume wangu alidhani nimeweka karameli.

Kwa hiyo kwangu mimi friji ilitengeneza umbo, sukari ndiyo iliyotengeneza mtafuno.

(Stima ilipotea Jumamosi usiku saa mbili nzima. Sikufungua friji. Sijui kama imeharibu kipimo.)

#29 PishiLaKariuki
Nimesoma. Nakubali zangu ni "nene kwa macho". Ila hapo kwenye ladha ni friji, msininyang'anye na hiyo.

#30 MwokajiWaZamani
Hongera dada, wengi hapa hawapimi. Stima ya saa mbili na mlango umefungwa haina neno. Ingekatika usiku kucha, kinyunga chenye yai bichi ningekitupa.

Na @PishiLaKariuki friji ni yako, usiogope. Baridi inagandisha siagi, kwa hiyo kidonge kinaingia kwenye moto kikiwa kigumu, na kingo zinashika kabla mafuta hayajakimbia. Unga nao unakunywa maji ya yai taratibu. Baada ya usiku mmoja kinyunga kinakuwa kikavu kwa mkono na rangi inakolea. Zaidi ya siku mbili mimi sikuona faida, na kinaanza kuvuta harufu ya vitunguu vya kwenye friji.

#31 JulaiBaridi
Swali la mtu asiye na friji. Mwezi huu jiko langu la Kasarani lina baridi mpaka mafuta ya nazi yanaganda. Siwezi kuacha bakuli dirishani?

#32 MwokajiWaZamani
Mafuta ya nazi yanaanza kuganda kwenye nyuzi 24, hiyo siyo baridi ya friji. Yai bichi lisilale dirishani. Kata vidonge, viweke kwenye friza ya jirani saa moja tu, itasaidia umbo. Ladha ya usiku mzima utaikosa.

#33 KilimaNgong
Samahani, mimi siridhiki na kipimo cha #28. Kuki ya sentimita 10 na nusu ni nyembamba, na nyembamba inaiva na kukauka upesi. Ukizipa zote dakika 11, zile za A zimeokwa kupita kiasi. Huwezi kujua kama ni sukari iliyozikausha au ni wembamba.

#34 SiriYaYai
Hapo umemkamata.

#35 MkemiaMtoro
@KilimaNgong hoja nzuri. Kuna njia rahisi: mizani. Kinachopotea kwenye oveni ni maji karibu yote. Pima vidonge vitano kabla, pima kuki tano baada. Zangu za kutafuna, gramu 250 za kidonge zinatoka 236 hivi. Zikifika 229, najua zitavunjika. Dada, oka A tena kwa dakika chache mpaka zipoteze uzito sawa na B, halafu uone kesho yake.

#36 KukiZaUmoja
Nimefanya jana, na A safari hii niliibana kwa pete za chuma ili isitandae. Pete nilichongewa Kamukunji, fundi aliniuliza kama nafunga mabomba.

A: 250 ikawa 236, dakika 9. B: 250 ikawa 236, dakika 11. Leo jioni A inapinda kidogo kwenye katikati, kingo zinakatika. B inapinda yote. Kwa hiyo Kilima ana haki kiasi, na Mwokaji ana haki kiasi.

#37 KilimaNgong
Nitaichapisha hiyo sentensi niitundike ukutani.

#38 MwokajiWaZamani
Mpe siku moja zaidi, Kilima. Sukari nyeupe haijamaliza kuganda.

#39 MpenziWaKavu
Mnaongea kama kavu ni ugonjwa. Mimi nataka ile ya kuvunjika, ya kuchovya kwenye chai ya maziwa, na zangu zinatoka zimelegea. Nifanyeje?

#40 BiMwanaNyali
Karibu kwetu, mwenzangu! Nazo zina adabu yake. Sukari yote nyeupe, yai moja zima bila kuzidisha viini, usilaze kwenye friji ila upendavyo. Kidonge kidogo, gramu 25, ukibonyeze kwa uma. Kisha moto mdogo, 160, dakika 18 hata 20, mpaka rangi ya dhahabu ifike katikati. Kosa la wengi ni moto mkali: kingo zaungua na katikati pamebaki na maji, na usiku yale maji yatambaa mpaka kingo, biskuti yote yalegea. Zikipoa kabisa ndipo uzifunge. Ukifunga zikiwa na joto, umezipika kwa mvuke.

Na usizitie mkebe mmoja na hizo za nguru. Zitaambukizana.

#41 MpenziWaKavu
Nilikuwa nafunga zikiwa moto. Asante sana mama.

#42 ShemejiWaRongai
Kwani huyu aliyegundua hizi kuki alitaka zipi, kavu au laini? Tumalize kesi.

#43 MkemiaMtoro
Za vipande vya chokoleti zinahesabiwa kwa Ruth Wakefield, mama aliyekuwa na nyumba ya wageni Massachusetts miaka ya 1930. Kwa mapishi yake zilikuwa ndogo na kavukavu. Hizi nene za kupinda ni mtindo wa baadaye. Kwa hiyo kwa sheria ya ukoo, MpenziWaKavu ameshinda.

#44 SiagiAuSiyo
Nimechelewa, ila hakuna aliyeuliza siagi. Wengi wanaandika "siagi" na wanatumia majarini ya kupaka mkate. Majarini nyingine zina maji mengi sana, soma asilimia ya mafuta kwenye mkebe. Mwenye uzi, ni siagi ya maziwa kweli?

#45 KukiZaUmoja
Ni siagi ya maziwa @SiagiAuSiyo, nimeshaona moto wa majarini. Lakini nina jambo jipya. Leo nilioka trei kubwa ya B, vidonge 12 kwa mara moja, kwa oda ya Ijumaa. Nane zilitoka sawa. Nne za pembe ya nyuma kushoto zimekauka kama A ya mwanzo. Kinyunga kimoja, friji moja, dakika zile zile.

#46 FundiWaOveni
Sasa mmenifikia. Natengeneza majiko Nairobi Magharibi. Hilo duara lenye nambari kwenye oveni ya gesi ni makadirio tu. Nimeingia nyumba nyingi, duara linasema 180 na kipimajoto kinasema 200 na zaidi, tena upande wa nyuma ndio moto kuliko mlangoni. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, kiweke pembe ile ya nyuma kushoto, ngoja dakika 20 baada ya kuwasha, kisha utuambie. Na trei yako ni ya rangi gani?

#47 KukiZaUmoja
Nyeusi. Nyembamba. Ya Gikomba.

#48 FundiWaOveni
Nyeusi inavuta moto wa chini haraka, nyembamba haina mahali pa kuuficha. Weka trei mbili moja juu ya nyingine, na uigeuze dakika ya sita. Inawezekana hata mara ya kwanza tatizo halikuwa sukari.

#49 MwokajiWaZamani
Fundi, trei ilikuwa ile ile kwa A na kwa B.

#50 FundiWaOveni
Pembe je? Alizipanga pembe ile ile?

#51 KukiZaUmoja
...sikumbuki. Nadhani A zilikuwa nyuma.

#52 PishiLaKariuki
😂😂😂 Naweka kinyunga kwenye friji, nitarudi kesho.